"Niandikie Skripti Kali Itrendi": Ujumbe wa Maneno Manne Unaowatia Watu Hasara Mjini

Kuna ujumbe mmoja unazunguka sana kwenye simu za vijana wanaoandika skripti za video fupi hapa Dar. Unafanana kila mara, utadhani wametumiana. Unaingia usiku, mara nyingi baada ya saa nne, na unasema hivi: "Niandikie skripti kali itrendi." Basi. Hakuna salamu, hakuna cha kuuza, hakuna dakika ngapi. Ukiuliza swali, unajibiwa "wewe ndo mtaalamu bana", halafu zinafuata emoji mbili za moto.

Anayetuma sio mtu wa hovyo. Anaweza kuwa staa mwenye wafuasi laki kadhaa, mwenye tiki ya buluu na meneja wa kumbebea mkoba. Na wiki mbili baadaye huyo huyo ndiye anayelalamika kwamba waandishi wa Bongo hawajui kazi.

Sasa kuna stori ya dada mmoja hivi. Jina tuliache, ila wapenzi wa filamu za Kibongo walimfahamu zamani kwa kulia kwenye kila sini. Siku hizi filamu hazimlipi, anauza mawigi, na duka lake lipo Kariakoo. Mwaka huu aliagiza mzigo mpya, mawigi yasiyotumia gundi, na hela aliyoweka humo haikuwa ya mchezo. Alitaka video ya kuutambulisha ule mzigo. Akamtumia dogo mmoja wa Mbagala anayeandika skripti ujumbe ule ule wa maneno manne, na kwa kuwa alikuwa na haraka akaongeza la tano: "kesho".

Dogo akaandika. Kosa lake liko hapo, na litazungumzwa mbele. Aliona jina kubwa limemtumia meseji, akahofia kwamba akiuliza maswali mengi kazi itaenda kwa mwingine, kwa hiyo akajaza mapengo yote kwa kukisia. Skripti ilianza hivi: "Je, umewahi kujiuliza siri ya urembo wa mwanamke wa kisasa?" Ikaendelea na kujiamini, ikagusa ubora, ikapita kwenye historia fupi ya nywele za mwanamke wa Kiafrika, na mwisho kabisa, kama mtu aliyekumbuka alichotumwa sokoni, ikataja wigi. Maneno 190 kwa jumla. Ukiisoma kwenye karatasi ni insha nzuri, mwalimu wa sekondari angeipa alama.

Dada akasimama mbele ya kamera akaisoma. Ikatoka dakika moja na sekunde 48. Mtu wake wa kuediti akaambiwa aishushe ifike chini ya dakika, na yeye akafanya kinachofanywa na kila mwenye mkasi, akakata mwisho. Mwisho ndiko kulikokuwa na bei, mahali pa duka, na ile habari ya kwamba wigi halina gundi. Video ikapanda ikiwa na mwanamke mzuri anayeongea kuhusu kujiamini. Watu wakaipenda kweli, mioyo ikamwagika. Ila chini yake maswali yalikuwa yale yale: anauza nini huyu? Ni kozi? Ni filamu mpya? Mzigo ukabaki stoo. Dogo alikuwa ameahidiwa elfu 30, hakupewa hata ya bando, na dada akamsema kwenye stetasi bila kumtaja jina, ingawa waliohusika wote walijua anasemwa nani.

Mashabiki wa dada wanasema dogo hajui kuandika, na watu wa dogo nao wanasema dada ana roho mbaya. Ukikaa ukaifuata kazi yenyewe hatua kwa hatua, utaona ile video ilikufa kabla dogo hajaandika herufi ya kwanza. Ilikufa kwenye ule ujumbe. Kulikuwa na vitu vinne ambavyo dada peke yake ndiye alikuwa navyo kichwani, na hakutoa hata kimoja: video inahusu nini hasa, iwe ya muda gani, nani ataitazama, na yeye mwenyewe anaongeaje.

Tuanze na mada, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hujidanganya. Mtu akisema "inahusu mawigi yangu" anadhani ametoa mada. Hapo ametaja bidhaa tu. Kwenye sekunde 30 wigi haliwezi kuwa mada, kwa sababu kuhusu wigi kuna mambo mengi mno: nywele zake zimetoka wapi, linafuliwaje, linadumu muda gani, rangi, urefu, bei. Mada ya video fupi ni jambo moja ambalo mtazamaji akiulizwa kesho yake "yule dada alisema nini?" atalijibu kwa sentensi moja. Kwa mzigo ule, jambo lenyewe lilikuwepo tena la wazi. Wigi la gundi linabandikwa kwenye paji la uso, na likibanduliwa vibaya, tena kila siku, linavuta nywele za mbele. Wanawake wengi wanayajua hayo maumivu na wanajua ule mstari wa nywele unavyorudi nyuma taratibu. Wigi lisilo na gundi lina mpira ndani, unaukaza nyuma ya kichwa, na usiku unalivua kama kofia. Hiyo ndiyo mada. Dada aliijua vizuri kuliko mtu yeyote, maana ndiyo sababu iliyomfanya aagize ule mzigo, ila alimwambia kila mtu isipokuwa mwandishi.

Na neno "itrendi" nalo si mada. Hilo ni ombi la matokeo, sawa na kumwambia fundi cherehani "nishonee nguo watu wageuke" bila kumpa kitambaa wala vipimo.

Muda ndio unaochekesha zaidi, kwa sababu kila mtu anadhani anajua maana ya "fupi". Kwa mtu wa TikTok, video fupi inaweza kuwa dakika tatu na bado ikaitwa fupi. YouTube nao walikuwa wanaweka ukomo wa sekunde 60 kwenye Shorts, wakaja kuongeza hadi dakika tatu Oktoba 2024. Stetasi ya WhatsApp kwa miaka mingi ilikuwa inakata video kwenye sekunde 30. Kwa hiyo ukimwambia mtu "fupi" hujamwambia kitu, umempa uwanja wa kuanzia nusu dakika hadi dakika tatu, na skripti ya sekunde 30 na ya dakika tatu ni kazi mbili tofauti kama shairi na barua.

Hapo kuna mtego mwingine ambao wanaojifunza uandishi kwa video za Wamarekani huwa hawauoni. Wanafundishwa kuhesabu maneno, eti maneno 150 ni dakika moja. Kwa Kiingereza inakaribia ukweli. Kwa Kiswahili inakuumiza, kwa sababu neno letu moja linabeba mzigo wa maneno matano ya wenzetu. Chukua "hawatakununulia". Hilo ni neno moja kwenye hesabu, lakini lisome kwa sauti: ha-wa-ta-ku-nu-nu-li-a. Silabi nane. Halafu chukua "wigi", silabi mbili, nalo linahesabiwa neno moja vile vile. Ukihesabu maneno unaweza kukosea kwa nusu ya video. Insha ya dogo ya maneno 190, kwa hesabu ya Kimarekani, ingetoka dakika moja na robo. Ikatoka karibu dakika mbili, na ile tofauti ndiyo iliyokwenda kwenye mkasi pamoja na bei.

Waandishi wazoefu wa mjini wanafanya kitu rahisi tu. Wanasoma skripti kwa sauti, wamesimama, saa ya simu inahesabu, kwa kasi ya yule atakayeongea na sio kasi yao wenyewe. Ikizidi, wanaondoa sentensi nzima nzima, hawaongezi mbio. Na kama kuna sehemu mtu anatakiwa kuonyesha kitu bila kuongea, ile nayo inahesabiwa. Kutikisa kichwa kuonyesha wigi halitoki ni sekunde mbili hadi tatu, na sekunde hizo ndizo zinazouza, kwa hiyo lazima ziwe na nafasi yake.

Watazamaji je? Dada angeulizwa angejibu "wanawake wote". Kila anayeuza kitu cha wanawake anajibu hivyo, na jibu hilo halisaidii chochote. Binti wa chuo anayetafuta wigi la elfu 40 la kwendea sherehe ya Jumamosi hana shida ya gundi, atalivaa mara tatu atamwazima mwenzake. Anayeumia ni yule wa mapokezi hotelini, karani wa benki, mwalimu, mtu anayevaa saa kumi na mbili asubuhi na kuvua saa moja usiku siku sita kwa wiki. Huyo tayari ana wigi la gundi nyumbani, kwa hiyo humwelezi wigi ni nini wala humwambii ajiamini, anajiamini vizuri tu. Unamwambia kitu kimoja kuhusu paji lake la uso. Ukishajua unaongea na huyo, nusu ya maneno yanafutika yenyewe.

Tena kuna jambo ambalo meneja wa dada angelijua kama angeangalia simu ya duka badala ya kuhesabu mioyo: oda za dada hazitoki TikTok, zinatoka kwa wateja wake wa zamani waliosevu namba na wanaoangalia stetasi zake. Wale ndio wenye hela. Hapo swali la watazamaji linakuwa limejibu na swali la muda, video iishie sekunde 30 iingie stetasi bila kukatwa, kisha huko TikTok iende hiyo hiyo.

Cha nne ndicho kinachodharauliwa kuliko vyote, nacho ni namna mtu anavyoongea. Kuna msanii mmoja wa singeli, kijana wa Temeke, aliwahi kuandikiwa skripti ya kutangaza ngoma yake na mtu aliyezoea kuandika matangazo ya ofisi. Ikaanza "Ndugu wapenzi wa burudani, napenda kuchukua fursa hii." Kijana wa watu akaisoma kama ilivyo, amenyooka, macho yanakimbia kwenye karatasi. Mashabiki wakauliza kama kuna msiba. Kijana huyo akishika maiki mtaani anaongea maneno mia bila kupumua, hamalizi sentensi, anajikatisha mwenyewe, anamwita kila mtu "mwanangu". Angepewa pointi tatu tu kwenye kikaratasi akaachwa, ingekuwa moto. Kwa mtu wa aina ile, skripti ya neno kwa neno ni pingu.

Na hata lugha ya mtaani haifanani mtaa hadi mtaa. Ukimwandikia mtoto wa Temeke "chalii wangu" atasikika kama anaigiza mtu wa Arusha. Ukimwandikia mama wa Kizanzibari mwenye duka la udi "oyaa wanangu" utakuwa umemvunjia heshima mbele ya wateja wake. Mtazamaji hawezi kukueleza kosa liko wapi, anaona tu kwamba huyu mtu leo sio yeye, anateleza kwenda video nyingine.

Kwa dada wa mawigi dawa ilikuwa simuni kabisa. Anatuma voisi kwa wateja kutwa nzima. Mtu akisikiliza mbili au tatu anaona kila kitu. Huwa anaanza na "sikiliza mwaya". Sentensi zake fupi. Hacheki anapochekesha, anaacha watu wacheke wenyewe. Na kabla ya kutaja bei ananyamaza kidogo, kisha anaitaja kama kitu cha kawaida, hana habari ya "kwa bei nafuu kabisa". Miaka yote ya kuigiza imemfundisha kunyamaza, na dogo akamwandikia insha isiyo na pumzi hata moja.

Stori haikuishia kwenye stetasi ya matusi. Shangazi yake dada, mama mtu mzima anayekaa pale dukani na ndiye anayejua mzigo umekaa siku ngapi, alimpigia dogo mwenyewe. Hakumwomba radhi kwa niaba ya mtu. Alimwambia tu: "Mwanangu, hebu njoo dukani, uulize unachotaka kuuliza, elfu 30 yako ninayo mimi." Dogo akaenda. "Shikamoo mama." "Marahaba, kaa hapo." Alikaa kama saa moja, akaona mteja mmoja akilijaribu wigi na kuuliza "sasa hili likidondoka kwenye daladala?", akaandika hilo swali. Akasikiliza voisi za dada kwenye simu ya shangazi. Jioni akatuma hii:

"Sikiliza mwaya. Wigi umevaa tangu saa kumi na mbili asubuhi. Unarudi nyumbani, unalivua, na nywele za mbele zinatoka nalo. Ni ile gundi. Hili hapa halina gundi. Ndani lina mpira. Unauvuta nyuma, unaubana. Basi. Ona." Hapo anatikisa kichwa kushoto na kulia, haongei. "Halitoki. Usiku unalivua kama kofia." Ananyamaza. "Laki na themanini. Kariakoo, boda inakuletea. Niandikie 'kofia'."

Yahesabu ukitaka, ni maneno 47. Dada aliposoma kwa kasi yake, na kutikisa kichwa kukiwemo, ilitoka sekunde 29. Hakuna salamu kwa sababu wateja wake wa stetasi wanamjua, na salamu ya "habari zenu wapendwa natumai hamjambo" inakula sekunde tatu ambazo mtu tayari ameshapita. Kuanzia kwenye asubuhi ya mteja kumekuja kwa sababu watazamaji walijulikana. Kutikisa kichwa ndilo jibu la yule wa daladala. Neno "kofia" mwishoni ni ujanja wa duka: anayeandika "kofia" ameiona video hii na sio nyingine, kwa hiyo shangazi anaweza kuhesabu oda kwa kidole bila kuhitaji mtaalamu wa takwimu. Wigi halikufanywa kuwa dawa ya nywele, maana si dawa. Mpira nao ukikazwa kupita kiasi unabana kichwa na unaweza kuleta shida ile ile ya kuvuta nywele, na shangazi anawaambia wateja hivyo hivyo dukani.

Safari hii mioyo ilikuwa michache kuliko ya ile video ya kujiamini. Dada akanuna siku nzima. Shangazi hakununa, alikuwa anafunga vifurushi.

Kuna watakaosema mwandishi mzuri angeyajua yote hayo bila kuambiwa. Haiwezekani. Mwandishi anaweza kujua sentensi ipi inashika na ipi inalegea, hawezi kujua oda zako zinaingilia mlango gani. Anaweza kukisia, na akipatia mara moja mtasema ana kipaji, akikosea mara ya pili mtamsema kwenye stetasi. Ile ni bahati nasibu, na tiketi analipa yeye.

Lakini waandishi nao wasijifanye malaika. Dogo alikuwa na nafasi ya kuuliza usiku ule ule, na hakuuliza kwa kuogopa jina. Wengi wako hivyo. Wanapokea "niandikie kitu kikali", wanajibu "poa boss", halafu wanachukua skripti waliyomwandikia muuza viatu mwezi uliopita wanabadilisha viatu kuwa juisi. Ndiyo maana video za mjini zinaanza zote na "je, umewahi kujiuliza". Kuuliza maswali manne kunachukua dakika tano za voisi. Staa akikasirika kwa kuulizwa anauza nini, huyo hata skripti ikimfikia hataisoma, na hela yake haitaonekana pia.

Zipo kazi ambazo mwenyewe kweli hajui anataka nini, hilo linatokea. Amepata mzigo, au ameambiwa na wenzake afungue TikTok, hajui pa kuanzia. Hapo swali la "mada yako ni nini?" ni la kumtesa bure. Ulizwa hivi inasaidia zaidi: mteja wa mwisho kununua alikuwa nani, na aliuliza nini kabla ya kutoa hela? Kwenye lile swali la mteja mara nyingi mada na watazamaji vinatoka kwa pamoja, kama ilivyotokea kwa mama wa daladala. Muda unatokana na pale video itakapowekwa. Namna ya kuongea inatoka kwenye voisi tatu, na hizo kila mtu mjini anazo.

Dada ana mzigo mwingine unakuja, safari hii wa mawigi ya rangi. Inasemekana ujumbe aliomtumia dogo juzi ulikuwa na voisi ya dakika nne. Ndani yake alieleza kila kitu isipokuwa muda, dogo akamjibu kwa neno moja: "Sekunde?"